Miche ya mikarafuu Pemba: kazi ya miezi 14, kutoka tunda hadi kwa mnunuzi

Mwenye kuotesha mipapai anaweza kukausha mbegu zake, akazifunga kwenye karatasi na kuziweka kabatini mpaka apate nafasi. Mbegu ya mkarafuu haikubali hayo. Ikishatolewa kwenye tunda huanza kufa, na ukiianika juani umeimaliza. Wiki moja baada ya kumenywa, nyingi hazina tena uhai wa kutegemewa. Kwa hiyo anayetaka kuotesha mikarafuu kwa ajili ya kuuza hana budi kupanga kazi yake kwa kurudi nyuma: anajua mnunuzi atakuja wakati gani, anajua mche unataka miezi mingapi, na hapo ndipo anapojua siku ya kuwa chini ya mti na kikapu mkononi.

Mnunuzi wa Pemba anapanda masika. Mvua zinaanza katikati ya Machi au mwanzoni mwa Aprili, na mche unaoingia ardhini wakati huo unapata miezi miwili mitatu ya unyevu kabla ya kujitegemea. Nyuma ya hapo, mche mzuri wa kuuza una umri wa mwaka mmoja na zaidi kidogo. Matunda nayo yanaiva kiasi cha miezi mitatu baada ya wakati ambao matumba yake ya maua yangechumwa kuwa karafuu, kwa hiyo mti uliokuwa tayari kuchumwa Oktoba unakupa mbegu Januari. Januari hii mpaka Machi ya mwakani ni miezi 14. Hiyo ndiyo kalenda yangu, na yote yanayofuata yanaingia humo.

Kutafuta mti mama kabla karafuu hazijachumwa

Kosa la wengi ni kwenda kutafuta mbegu Januari. Wakati huo mikarafuu imeshachumwa na kilichobaki ni vishada vilivyosahaulika kileleni. Nenda Septemba au Oktoba, wakati wachumaji bado wako mashambani, ukakubaliane na mwenye shamba akuachie matawi mawili matatu ya mti unaoutaka. Mlipe. Karafuu inayoachwa mtini ikachanua na kuwa tunda, ile tunayoiita mpeta, haina thamani ya karafuu sokoni, kwa hiyo mwenye mti anakuuzia mavuno yake. Ukimwambia "niachie kidogo tu, mzee wangu" bila kutaja fedha, atakukubalia kwa adabu, kisha wachumaji watapita na hutakuta kitu.

Chagua mti uliokomaa, wa miaka 15 au zaidi, ambao mwenyewe anakuhakikishia kuwa unazaa vizuri hata miaka ambayo mingine imepumzika. Mikarafuu ina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kunyamaza unaofuata, na mti unaopunguza tabia hiyo ni wa kuuheshimu. Usichukue mbegu kwenye mti ulioanza kukauka ncha za matawi, wala uliosimama jirani na mti uliokufa ghafla. Mkarafuu kwa kiasi kikubwa hujichavusha wenyewe, kwa hiyo watoto wanamfuata mama kwa karibu. Ndiyo sababu hatuhitaji kuubebesha kikonyo kama tunavyofanya kwa maembe, na ndiyo sababu pia mti mama mbaya atakuharibia jina mbele ya wateja wote wa mwaka huo.

Mwaka mbaya wa karafuu ni mwaka mbaya wa mbegu vilevile. Ukiona Agosti miti haina dalili ya kuzaa, usijaze viriba 1,000. Jaza 200, na nafasi iliyobaki oteshea kitu kingine.

Kutoka tunda hadi mbegu iliyochipua

Tunda lililoiva lina rangi ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, ni laini ukilibonyeza, na ukubwa wake ni kama kifundo cha kidole gumba. Ndani mna mbegu moja, mara chache mbili. Matunda ya kijani yaache. Tandika jamvi chini ya mti na uokote kila asubuhi, kwa sababu yaliyolala chini siku nyingi huwa yameshaanza kuchipua, na mzizi ulioanza kutoka unavunjika kwa mguso mdogo.

Yabebe kwenye pakacha yakiwa na ganda lake, yakipata hewa. Hapa nieleze lililonipata. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mbegu kwa mtu aliyekuwa amezimenya, akazijaza kwenye gunia la nailoni na kulifunga siku tatu. Nilipofungua, joto lilinipiga usoni kama la mbolea inayooza. Nilizipanda zote, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa, na nikazimwagilia mwezi mzima. Zilizoota hazikufika 30. Tangu hapo, nikipelekewa mbegu, nachukua 10 bila kuchagua na kuzikata kwa kisu mbele ya muuzaji. Mbegu hai nyama yake ni ngumu na ina rangi hafifu ya kijani au zambarau. Iliyokufa ni kahawia, na mara nyingi imelegea. Zikifa mbili katika 10 nanunua kwa bei pungufu, zikifa nne sinunui.

Ukifika nyumbani, roweka matunda kwenye ndoo ya maji usiku mmoja. Asubuhi ganda linatoka kwa kusugua kwa vidole. Osha mbegu mpaka utelezi uishe, kwa maana nyama iliyobaki ndiyo inayoita ukungu na sisimizi. Kisha zitandaze safu moja tu juu ya gunia la katani lililolowa, kivulini, na uzifunike kwa gunia jingine la namna hiyo. Nyunyiza maji asubuhi na jioni. Usizirundike, maana rundo linapata joto na joto linaua.

Baada ya siku kadhaa utaona mbegu inapasuka na kutoa ncha ndogo nyeupe. Hiyo ndiyo ya kupeleka kwenye kiriba. Najua wapo wanaopanda moja kwa moja bila kuchipuza, na inaota, lakini hapo unaweza kusubiri hadi siku 40 hujui kiriba kipi kina mbegu hai na kipi unakimwagilia bure. Ukichipuza kwanza unajaza kiriba kwa kitu unachokiona, na hujiulizi tena mzizi uangalie wapi.

Viriba na udongo

Kiriba cha mkarafuu kiwe kirefu. Mimi natumia cha upana wa sentimita 15 kikiwa kimelazwa, na urefu wa sentimita 25, chenye matundu chini na ubavuni. Vile vidogo vya miche ya mboga ni rahisi, lakini mzizi mkuu unafika chini mapema, unajikunja, na mche huo utaonekana mzima mpaka mwaka wa pili shambani, ndipo unaanza kudumaa bila mwenyewe kujua sababu.

Kwa viriba 1,000 vya ukubwa huo utahitaji ndoo 80 hivi za lita 20. Changanya udongo wa juu ndoo 40, samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri ndoo 27 na mchanga ndoo 13. Samadi iwe imekaa miezi minne angalau. Ukiichimba mkono na kuona bado ina moto ndani au inanuka, haijafika.

Mchanga ndio unaowaponza watu wa visiwani, kwa kuwa wa pwani uko karibu na haununuliwi. Mchanga mweupe wa pwani una chumvi na una chokaa ya matumbawe, na mkarafuu unapenda udongo wenye uchachu kidogo kama huu mwekundu wa vilimani kwetu. Ukiutumia, baada ya miezi mitatu minne majani mapya yatatoka ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Wengi wakiona hivyo wanaongeza samadi, na hali haibadiliki, kwa sababu chokaa imeyafunga madini ya chuma, mche usiyafikie. Chukua mchanga wa mtoni au wa bondeni. Maji nayo yaonje: kisima chenye munyu unaohisika ulimini hakifai kwa kazi hii.

Panga viriba kwenye tuta la upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili. Viriba 10 kwa upana na 100 kwa urefu vinakula mita 10 tu za ardhi. Bonyeza shimo la sentimita mbili kwa kidole, laza mbegu, ncha nyeupe ielekee chini, funika kwa udongo mwepesi na umwagilie kwa kopo lenye matundu madogo.

Kivuli: kazi yenyewe iko hapa

Mche wa mkarafuu huzaliwa kivulini, chini ya mama yake, na ukiuweka kwenye jua la Februari unababuka kwa siku moja. Lakini mnunuzi anaupeleka kwenye jua. Kazi ya mwenye kitalu, kwa kweli, ni kuutoa mche kwenye kivuli kwa taratibu ambayo wenyewe hauihisi.

Simamisha nguzo zenye kimo cha mtu na juu utandaze makuti mpaka robo tu ya jua ipenye. Wakati wa kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, mwagilia asubuhi na jioni, kiasi cha kulowesha bila kutuamisha. Masika yakiingia acha kopo na uangalie jambo jingine: kivuli kizito pamoja na mvua vinaozesha mashina. Dalili yake ni mche kuinama ghafla, na ukiushika unakuta shina limekuwa jembamba na jeusi pale linapogusana na udongo. Huo hauponi. Toa kiriba chote, tanua nafasi kati ya vilivyobaki, punguza makuti na usimwagilie siku tatu. Mara nyingi hilo peke yake linatosha kuuzuia ugonjwa usisambae.

Kusi likianza kuvuma, ziba upande wa kusini kwa ukuta wa makuti. Upepo ule unayumbisha miche na kukausha viriba kuliko jua.

Kuanzia mwezi wa saba au wa nane, mche ukiwa na kimo cha shubiri moja hivi, anza kuondoa makuti. Toa kuti moja katika kila manne na usubiri wiki tatu. Kingo za majani zikigeuka kahawia umekwenda haraka, rudisha. Zikibaki nzima, toa tena. Desemba nusu ya jua iwe inaingia, na miezi miwili ya mwisho miche ipate jua la asubuhi lote, ikifunikwa mchana tu. Katika miezi hiyo miwili punguza pia maji, na uinue viriba mara moja kila wiki mbili ili mizizi iliyotoboa chini ikatike na mingine iote ndani.

Mche uliokomazwa hivi si mrefu sana, wala majani yake si makubwa. Una shina gumu la rangi ya kahawia chini, majani yake ni mazito na yanakatika ukiyakunja. Mche uliolelewa kivulini mpaka siku ya kuuzwa ni mrefu na wa kijani kizuri, unavutia macho, na unakufa kwa mnunuzi. Nawaambia wateja wangu hivyo bila kuficha, hata wanapotaka ule mrefu.

Hesabu ya kitalu kimoja

Msimu niliouandikia daftari vizuri nilianza na mbegu 1,150. Zilizochipua zikajaza viriba 1,000. Kufika Juni ilisimama miche 870, wengi waliopotea wakiwa ni wa ule uozo wa masika. Desemba ilikuwa 760. Machi nilipochambua, nikatoa iliyopinda, iliyogawanyika shina na iliyodumaa, nikabaki na 690 ninayoweza kumtazama mtu machoni nikamuuzia.

Hesabu ya gharama ifanywe kwa hao 690, si kwa viriba 1,000. Tuseme mti mama, viriba, samadi, makuti, nguzo na vibarua vimekula shilingi 828,000. Ukigawa kwa 1,000 utaona mche umekugharimu shilingi 828, na utaufurahia kuuza 1,100. Ukigawa kwa 690 unakuta ni shilingi 1,200, na ile 1,100 ni hasara uliyokuwa unaiita faida. Na hapo bado hujajilipa miezi 14 ya kumwagilia.

Kuuza

Serikali imekuwa ikiotesha na kugawa miche ya mikarafuu kwa wakulima, kwa hiyo usijenge biashara yako juu ya bei. Hutashindana na cha bure. Unachoweza kumpa mkulima ni mche uliokomaa, unaopatikana siku mvua imeshika, karibu na shamba lake. Mtu aliyechimba mashimo 40 na kuona mvua ya tatu imenyesha hataki kungoja.

Anza kuuza Januari, kabla ya mche kuwa tayari. Pita kwa wenye mashamba wakati wanapomaliza kuanika karafuu, maana ndipo wanapojua miti mingapi imekufa na mapengo yako wapi, na ndipo fedha ipo mkononi. Andika jina, idadi na mahali, chukua malipo ya awali hata kama ni robo. Aliyelipa robo anakuja. Aliyeahidi kwa mdomo tu unaweza kubaki na miche yake mpaka Juni, na mche uliopita masika kitaluni mizizi yake inaanza kuzunguka ndani ya kiriba.

Kabla ya kumuuzia mtu, muulize shamba liko wapi. Mwaka fulani alikuja bibi mmoja akitaka miche mitano ya kupanda uwani, nyumba yake ikiwa kwenye maweni upande wa Micheweni.

"Bibi, ukichimba unakuta nini?"

"Jiwe, mwanangu. Dhiraa hata moja haifiki."

Nilimwambia mkarafuu hautakaa pale, unataka udongo wenye kina na usio na chokaa, nikampa mkungu mmoja wa kivuli na mwarobaini mmoja. Alinunua miche miwili badala ya mitano. Baadaye wanawe, wenye shamba la udongo mwekundu bondeni, walikuja kuchukua mikarafuu 60.

Siku ya kupeleka, mwagilia jioni yake ili udongo ushikane. Panga viriba vimesimama ndani ya pakacha au tenga, vimebanana visiyumbe, na ufunike kwa majani ya mgomba kama ni gari ya wazi. Mche ushikwe kwa kiriba. Anayeuinua kwa shina anakata mizizi midogo ndani, na hataona kitu mpaka wiki ya pili.

Mpe kila mnunuzi maelekezo kwa mdomo, na usubiri mpaka akurudie kwa maneno yake. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60, udongo wa juu urudi chini ukiwa umechanganywa na samadi. Kiriba kichanwe na kuondolewa kabisa, maana wapo wanaopanda nacho. Mche usizame kuliko ulivyokuwa kitaluni. Achomeke makuti mawili matatu upande wa magharibi na kaskazini, na apande muhogo au mgomba jirani kwa ajili ya kivuli cha mwaka wa kwanza. Majani makavu ya kufunika ardhi yasiguse shina, yakae mbali kiasi cha kiganja, kwa sababu yanaleta mchwa, na mchwa anaanzia hapo kwenye gome.

Mimi huwapitia walionunua miche 20 na zaidi baada ya wiki sita. Sihesabu majani ya zamani, kwa kuwa hayo yanaweza kubaki mabichi juu ya mche ambao mizizi yake imekufa. Natazama kileleni. Mche ulioshika unakuwa umetoa jozi ya majani mapya, laini, ya rangi ya waridi iliyochanganyika na wekundu. Usioonyesha chochote nakwaruza gome lake kwa ukucha: kukiwa na kijani chini yake nauacha mwezi mmoja zaidi, kukiwa na kahawia nauandika kwenye daftari na kumletea mwenyewe mwingine kabla mvua hazijakatika. Kwa ajili hiyo huwa sizimalizi 690 zote kwa kuuza. Zile 30 za mwisho hubaki chini ya makuti mpaka mwisho wa Mei.